Chupa Iliyofura Kabla ya Futari

Adhana ya magharibi ilikuwa imebakiza dakika kama kumi. Nikachukua chupa ya juisi ya nanasi niliyoisaga usiku wa jana yake, baada ya tarawehe, nikaanza kuzungusha kizibo. Ikalia fsss! Povu likapanda shingoni, likanimwagikia mkononi, likachuruzika hadi kwenye mkeka.

Chupa ilikuwa imefura. Ni ya plastiki, ya lita moja na nusu, na ubavu wake ulikuwa umekaza kama mpira uliojazwa upepo. Umeme ulikatika usiku ule ukarudi alasiri, na hapa Tanga msimu ule friji lisilo na umeme ni kabati tu.

Mama mkwe wangu hakuinua hata sauti. "Mwaga hiyo, mwanangu. Hicho si kinywaji tena, kimeshakuwa kilevi."

Shemeji yangu akapinga. "Bi Mkubwa, hiyo imechacha tu kidogo. Juisi ya nanasi na sukari inakuwaje pombe?"

Nilimwaga. Tukafuturu kwa maji na tende. Lakini binti yangu, aliyekuwa amekaa karibu na sinia, akaniuliza jambo ambalo sikuwa na jibu lake: "Mama, na zile ndizi zilizoiva sana? Mbona nazo zinanukia hivyo hivyo?"

Nililala nalo. Si siku moja, bali wiki nzima na zaidi. Kwa upande mmoja niliogopa nimemwaga riziki ya Mwenyezi Mungu bure. Kwa upande wa pili nilikumbuka chupa nyingine nilizozifungua miaka iliyopita, zikatoa mlio mdogo tu, nami nikawamiminia watoto bila kufikiri.

Ndizi yenye madoa

Nianze na ndizi, maana jibu lake ni jepesi kuliko nilivyodhani.

Ndiyo, ndizi mbivu ina alkoholi. Tunda likiiva sana nyama yake hulainika, hewa ndani yake hupungua, na chembe zake zenyewe huanza kuvunja sukari kwa njia isiyohitaji hewa. Njia hiyo huacha alkoholi kidogo. Ganda likipasuka, hamira za asili zinazoishi juu ya maganda ya matunda huingia na kuongeza kazi. Ndiyo maana embe lililoanguka na kulala siku mbili chini ya mti hunukia karibu na kokwa kama unga wa maandazi ulioumuka kupita kiasi.

Swali ni kiasi gani. Watafiti wa Ujerumani walichapisha vipimo vyao mwaka 2016, wakitaka kujua watoto wanapata alkoholi kiasi gani katika vyakula ambavyo havihesabiwi kuwa na kilevi. Ndizi mbivu ilikuwa na gramu 0.02 katika kila gramu 100. Ile iliyoiva sana, yenye madoa meusi, ilikuwa na gramu 0.04. Katika juisi za dukani za chungwa, tofaa na zabibu, iliyoongoza ilikuwa na gramu 0.77 katika lita nzima. Kilichonishangaza ni mikate: baadhi ya mikate laini ya pakiti, kama ile ya kuwekea nyama, ilizidi gramu 1.2 kwa kila gramu 100. Mkate uliofungwa kwenye nailoni uliishinda ndizi yenye madoa mara thelathini.

Na hakuna mwanachuoni niliyewahi kumsikia akiharamisha mkate kwa sababu umeumuliwa kwa hamira.

Hapo nikaona kwamba nilikuwa nimeliuliza swali vibaya. Nilikuwa nauliza kama alkoholi ipo. Ukiuliza hivyo, ipo karibu kila mahali penye sukari na hamira, na hakuna mezani petu kitakachosalia.

Kingi chake

Hadithi tunayoifahamu sote, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, inasema kile ambacho kingi chake hulevya, basi kichache chake nacho ni haramu. Mimi siku zote niliisoma kwa kuanzia mwisho wake: kichache ni haramu. Kwa hiyo hata tone. Nilikuwa naruka sharti lililotangulia.

Sharti ni kwamba kingi chake kilevye. Kwa hiyo la kwanza kuuliza ni hili: mtu akinywa kinywaji hiki hiki kwa wingi, atalewa?

Chukua juisi ile ya Ujerumani iliyoongoza, gramu 0.77 kwa lita. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi. Ili mtu apate kiasi hicho kwenye juisi ile, anywe lita 26 kwa mkupuo. Tumbo halichukui ndoo nzima na zaidi, na mwili unachoma alkoholi saa kwa saa wakati yeye bado anajilazimisha. Kingi cha juisi ile hakilevyi, kwa hiyo sharti la hadithi halijatimia, na kichache chake hakiingii katika katazo. Ndizi ndiyo kabisa.

Nilimweleza binti yangu hivyo, akaridhika, akala ndizi yake. Mimi sikuridhika. Chupa yangu haikuwa juisi ya dukani iliyochemshwa na kuzibwa. Ilikuwa imefura.

Mizani ya jikoni

Sukari ikiliwa na hamira hutoa vitu viwili, alkoholi na gesi ya kaboni, na kwa uzito vinatoka karibu sawasawa: kila gramu 44 za gesi huja na gramu 46 za alkoholi. Gesi ikitoka chupani, chupa inakuwa nyepesi. Kumbe basi nikipima uzito uliopungua ninaweza kukisia alkoholi iliyobaki ndani. Mizani ninayopimia unga wa keki husoma gramu moja moja. Nilidhani yatosha.

Baada ya Idi nikasaga nanasi kama nilivyosaga siku ile, nikachuja, nikatia sukari vijiko vinne kwa kila lita. Nikajaza chupa tatu, kila moja lita moja. Ya kwanza nikaiweka mezani. Ya pili nikachemsha juisi yake kwanza, nikaipoza, nikaiweka mezani vilevile. Ya tatu ikaenda kwenye friji. Chupa ya nne nilitia maji matupu, ili nijue kinachopungua kwa kukauka tu. Vizibo vyote nilivilegeza robo mzunguko ili gesi ipate njia.

Saa nane za kwanza hakuna iliyosogea. Usiku ule nililala nikiamini shemeji yangu alikuwa sahihi.

Saa 24 ilipotimia, chupa ya mezani ilikuwa imepungua gramu 2. Pembeni mwa shingo palikuwa na mstari mwembamba wa vipovu, na harufu ilikuwa ya nanasi bado, ila nyuma yake palikuwa na harufu ya hamira. Saa 36 ilikuwa imepungua gramu 7. Saa 48, gramu 14. Ile ya maji haikubadilika. Iliyochemshwa ilipungua gramu moja tu mwishoni. Ya kwenye friji kwanza ilinichanganya kwa kuongezeka gramu moja, mpaka nilipogundua ni umande wa nje. Nilipoifuta kwa kitambaa ilirudi pale pale.

Sasa hesabu. Kila gramu ya gesi inakuja na alkoholi ya takriban mililita 1.3. Tena kuna gesi ambayo haijatoka, imeyeyuka ndani ya juisi, kiasi cha gramu moja na kidogo kwa lita katika joto letu. Kwa hiyo saa 24 jumla ya gesi ilikuwa gramu 3.3 hivi, sawa na mililita 4 na nusu za alkoholi katika lita. Hiyo inakaribia asilimia 0.4 au 0.5. Saa 48 ilikuwa mililita 20, yaani asilimia 2.

Mizani yangu si maabara. Gramu moja ya makosa inahamisha jibu, na wapo bakteria wanaochachisha juisi bila kutoa alkoholi nyingi, wengine wakitoa gesi yao. Lakini mwelekeo hauna utata. Lita ya juisi yenye asilimia 2 ina gramu 16 za alkoholi. Hiyo inakaribia bia nzima. Kingi chake kinalevya.

Na chupa ya futari ilikuwa na saa 21 au 22. Ilikuwa inaelekea mlangoni, na kama ningeiacha mpaka daku, ingekuwa imeshaingia.

Kulikuwa na jambo la ziada nililoliona nilipofungua blenda kuiosha vizuri. Chini ya kisu kuna mpira mweusi. Nilipouchomoa nikakuta uzi wa nyama za embe, wa kijivu, unanuka kama kibuyu cha mgema. Watu wa pwani wanajua kwamba tembo la mnazi huanza kugeuka likiwa bado juu ya mti, kwa sababu kibuyu hakikosi masalia ya jana. Blenda yangu ilikuwa inafanya kazi ile ile. Kila juisi niliyosaga ilikuwa inazaliwa tayari imetiwa hamira.

Kiriba cha Bibi Aisha

Nilimwendea shehe wa msikiti wa mtaani kwetu nikiwa na karatasi yangu ya vipimo. Aliisoma yote, kwa utulivu. Kisha akauliza, "Ilitoa povu yenyewe, bila kutikiswa?"

Nikasema ndiyo.

"Basi hukuwa na haja ya mizani. Lakini umefanya vyema kuileta."

Akanieleza hadithi mbili zilizomo katika Sahihi Muslim. Katika ya kwanza Bibi Aisha anasema walikuwa wakimlowekea kinywaji Mtume, rehema na amani zimshukie, ndani ya kiriba kinachofungwa juu: wanaloweka asubuhi anakunywa jioni, au wanaloweka jioni anakunywa asubuhi. Ya pili ni ya Ibn Abbas: zabibu zililowekwa, akanywa siku ile, na ya pili, na ya tatu mpaka jioni, na kikibaki humnywesha mtumishi au huamuru kimwagwe.

Nilidakia. "Kumbe ni siku tatu, shehe? Yangu haikufika hata moja."

Akatikisa kichwa. Hapa ndipo aliponibadilisha. Akasema An-Nawawi, imamu mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyefariki mwaka 1277, alipozisherehesha hadithi hizi aliuliza kwa nini moja inasema usiku mmoja na nyingine siku tatu. Akajibu kwamba hazipingani: huenda ya Bibi Aisha ilikuwa wakati wa joto, ambapo kinywaji kinahofiwa kuharibika kikizidi siku, na ya Ibn Abbas wakati ambao kinakaa bila kubadilika. Na kuhusu mtumishi au kumwaga, akasema hilo nalo halikuwa kubahatisha. Kisichoonyesha dalili yoyote ya kubadilika hakimwagwi, kwani ni mali, ananyweshwa mtu. Kilichoonyesha dalili kinamwagwa.

Nilikuwa nimekaa pale na karatasi yenye safu ya mezani na safu ya friji, na mtu wa karne ya 13 ananieleza tofauti kati yake.

"Kwa hiyo siku tatu si ruhusa," shehe akasema. "Ni muda ambao kinywaji kile, mahali pale, kilikuwa bado salama. Chako kiligeuka mapema, basi hukumu yake imekuja mapema. Na kingekaa siku nne bila kugeuka, hakiwi haramu kwa sababu ya kalenda."

Nikamwuliza kuhusu vyombo, maana nilikumbuka katazo la kuloweka kwenye vibuyu na mitungi iliyopakwa lami. Akasema katazo hilo liliondolewa baadaye, watu wakaruhusiwa chombo chochote mradi wasinywe kilevi. Lakini sababu wanavyuoni waliyoitaja imenikaa. Kiriba ni ngozi nyembamba. Kinywaji kikianza kulevya, ngozi hutanuka na kupasuka, mwenyewe akajua. Mtungi mgumu hausemi kitu.

Nikaiona tena ile chupa ya plastiki, ubavu umekaza. Ilikuwa imeniambia kabla sijagusa kizibo.

0.5 na 1

Shemeji yangu alipopata habari ya vipimo akaniletea ujumbe unaozunguka kwenye simu: "Hadi asilimia moja ni halali." Nilitafuta asili yake, nikaona kuna ukweli ndani yake, na kuna kipande kilichokatwa.

Malaysia, Julai 2011, baraza la taifa la fatwa liliamua kwamba kinywaji baridi ambacho hakikutengenezwa kwa nia ya kupata alkoholi, na alkoholi yake haifiki asilimia 1, kinaruhusiwa. Likasema pia kwamba matunda, karanga, nafaka na juisi zake zenye alkoholi iliyojitokeza yenyewe si najisi na ni halali kutumia. Indonesia, kupitia fatwa namba 10 ya mwaka 2018 ya Baraza la Maulamaa, ilichora mstari wa vinywaji kwenye asilimia 0.5, kwa alkoholi isiyotokana na khamri na isiyodhuru.

Kilichokatwa kwenye ujumbe ni nia. Malaysia wameeleza wazi kwamba kinywaji kilichotengenezwa kwa nia na njia ya kutengeneza khamri ni haramu, kiwe na alkoholi kidogo au nyingi. Anayeacha nanasi mezani makusudi ili lipate ule ukali hawezi kujificha nyuma ya asilimia 0.9.

Tena namba hizi ni za viwanda, vyenye maabara na juisi iliyokwisha kuchemshwa, ambayo leo na kesho ni ile ile. Chupa ya jikoni haitulii. Ilikuwa na asilimia 0.4 wakati wa magharibi, kesho yake magharibi ingekuwa na 2. Kuniambia mstari uko wapi hakunisaidii kama kinywaji chenyewe kinatembea.

Kwa hiyo Bi Mkubwa na shemeji, nadhani kila mmoja alikuwa na nusu. Ukinilazimisha nitoe hesabu ya saa ile, huenda shemeji angeshinda kwa unywele. Lakini ningemwaga tena. Dalili zilikuwa zimetoka zote, na sikuwa na njia ya kujua mizani ingesoma nini. Zile chupa za zamani zilizolia kidogo, shehe aliniambia nisijitese: asiyejua hana dhambi katika lililopita, sasa najua.

Jinsi ninavyotambua

Povu la blenda linakaa juu na kupungua, baada ya saa moja limekwisha. Povu la kugeuka linarudi. Koroga juisi kwa kijiko, ngoja dakika kumi, ukiona vipovu vidogo vinapanda kutoka chini, hamira zinafanya kazi. Chupa iliyotoka friji ikipata joto inaweza kukaza kidogo bila kosa lolote. Ifungue, ifunge tena, iache saa moja. Ikikaza mara ya pili, si joto.

Uchachu peke yake si ushahidi. Juisi ya embe inaweza kuchacha kwa bakteria ikawa mbaya ya tumbo bila kuwa kilevi. Hiyo namwaga kwa sababu ya afya, si kwa sababu ya khamri. Ninachokitafuta ni uchachu unaokuja na vipovu na ile harufu ya unga ulioumuka.

Tende za kulowekwa hazijanisumbua. Naziloweka baada ya isha, tunakunywa daku, zikiwa zimekaa kwa muda wa saa nane hivi, na hapo hata chupa ya mezani ilikuwa haijasogea. Mpira wa blenda nauchomoa kila siku na kuumwagia maji ya moto. Umeme ukikatika, juisi naichemsha kabla ya kulala. Ladha inapungua, lakini inafika asubuhi.

Bi Mkubwa aliniuliza kuhusu ile chupa ya gramu 14, kwa nini nisiiache iwe siki. Kwa Shafii khamri ikigeuka siki yenyewe, bila kutiwa kitu, inakuwa tohara. Tukikoroga chumvi au hamira kuiharakisha, haitoharishiki. Tumekubaliana iachwe, kwenye chupa ya kioo, nje kwenye baraza, mbali na vyombo vya kulia, imefunikwa kitambaa. Kila Ijumaa anaitembelea, ananusa, anaifunika.

"Bado," anasema, na kurudi ndani.

Na binti yangu amebandika kipande cha gundi ya karatasi kwenye jagi la friji. Kila tunaposaga anafuta saa ya jana, anaandika mpya kwa kalamu ya risasi. Leo imeandikwa saa 11 jioni.